Catan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vijiji Viwili vya Mwanzo

Majibu haya yanahusu Catan ya kawaida ya watu watatu au wanne, mchezo wa Klaus Teuber uliotoka Ujerumani mwaka 1995, bila nyongeza zake. Tunazungumzia hatua moja tu: pale kila mchezaji anapoweka vijiji viwili na barabara mbili kabla dadu halijarushwa. Kwa kuwa kila meza ina majina yake, hapa tutasema mbao, tofali, kondoo, ngano na madini kwa rasilimali tano, kigae kwa kila kipande cha ardhi chenye pembe sita, na kona kwa mahali kijiji kinapokaa.

Kwa nini hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote?

Kwa sababu vijiji hivyo viwili ndivyo vinavyolipia kila kitu mpaka ujenge cha tatu. Mchezo unaisha kwa pointi 10, na mbili unazo tayari siku ya kwanza, lakini hizo nane zilizobaki zinanunuliwa kwa kadi zinazotoka kwenye vigae visivyozidi sita. Ukikosa tofali katika vigae hivyo, hutajenga barabara mpaka mtu akuuzie au ulinunue benki kwa kadi nne. Ukikosa ngano, huna kijiji, huna mji, wala huna kadi ya maendeleo.

Ubao una kona 54, lakini usidhani unazo zote za kuchagua. Kona 24 tu ndizo zinazogusa vigae vitatu. 30 nyingine ziko pwani, zinagusa kigae kimoja au viwili. Halafu kila kijiji kinaua kona zote zinazopakana nacho, maana sheria inataka angalau barabara mbili kati ya kijiji na kijiji. Watu wanne wakishaweka vijiji vinane, kona nzuri zilizobaki huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Nukta zilizo chini ya namba zinasema nini hasa?

Zinasema namba hiyo inatokea kwa njia ngapi kati ya 36. Dadu mbili zina michanganyiko 36, na 8, kwa mfano, inapatikana kwa 2 na 6, 6 na 2, 3 na 5, 5 na 3, 4 na 4. Hizo ni njia tano, ndiyo maana 8 ina nukta tano.

- 2 na 12: nukta 1
- 3 na 11: nukta 2
- 4 na 10: nukta 3
- 5 na 9: nukta 4
- 6 na 8: nukta 5

Namba 7 haina kigae, lakini ndiyo inayotoka mara nyingi kuliko zote, njia 6 kati ya 36. Kwa wastani mrusho mmoja kati ya sita humsogeza mnyang'anyi, kile kipande kinachozuia kigae kutoa kadi.

Nukta zikishakuingia kichwani, hesabu inakuwa nyepesi. Jumlisha nukta za vigae vyote unavyogusa, gawanya kwa 36, upate wastani wa kadi kwa kila mrusho. Mwenye nukta 20 anapata kadi 20 kila mirusho 36. Kumbuka ni mirusho ya meza nzima, siyo yako peke yako: kwa watu wanne, mirusho 36 ni raundi tisa.

Kona nzuri ina nukta ngapi?

Kilele ni 13, yaani namba moja nyekundu, 6 au 8, pamoja na 5 au 9 mbili. Haiwezi kuzidi hapo, kwa kuwa 6 na 8 haziruhusiwi kukaa kwenye vigae vinavyopakana. Kona ya 11 au 12 ni nzuri sana, 10 ni nzuri, na 8 au 9 inakubalika kama inaleta kitu unachokikosa. Ukishuka chini ya 8 lazima uwe na sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, kwa mfano "hili ndilo tofali la mwisho lililo wazi".

Ubao mzima una nukta 58. Kabla ya kuangalia kona yoyote, hesabu nukta za kila rasilimali. Ni kazi ya nusu dakika na wachezaji wengi hawaifanyi. Mbao, kondoo na ngano zina vigae vinne kila moja, tofali na madini vitatu vitatu, lakini idadi ya vigae inadanganya. Tofali likiangukia 6, 5 na 9 lina nukta 13 na litajaa mikononi mwa watu. Likiangukia 3, 11 na 4 lina 7 tu, na atakayeshika kona yake ataliuza kwa bei anayotaka.

Nichague nukta nyingi au rasilimali za aina nyingi?

Swali hili linaulizwa kama vile kuna jibu moja. Kipimo tunachokipendekeza ni kuhesabu nukta zenye kazi, yaani kadi utakazozitumia bila kupitia benki. Kadi ya ziada inayokwenda benki kwa nne kwa moja ni robo ya kadi, kwa hiyo nukta zake nazo zihesabu kwa robo.

Chukua ubao ambao unaweza kuupanga mwenyewe mezani. Jangwa liko katikati. Anza na kigae kilicho kwenye mojawapo ya pembe sita za ubao, zunguka ukingoni kinyume cha saa, kisha uingie mzunguko wa ndani kuanzia kigae kinachopakana na kile ulichoanzia:

Ukingoni: 5 madini, 2 kondoo, 6 ngano, 3 mbao, 8 mbao, 10 kondoo, 9 tofali, 12 ngano, 11 tofali, 4 mbao, 8 kondoo, 10 ngano.
Ndani: 9 mbao, 4 tofali, 5 ngano, 6 madini, 3 madini, 11 kondoo.

Ukihesabu, mbao ina nukta 14, ngano 13, kondoo 11, madini 11, tofali 9. Basi tofali ndilo adimu, na nukta zake nne kati ya tisa ziko kwenye kigae kimoja cha 9.

Kona za nukta 12 ni tatu, na zote zinagusa kigae kile kile cha 10 kondoo. Ya kwanza ni mbao 8, kondoo 10, ngano 5. Ya katikati ni kondoo 10, ngano 5, madini 6. Ya tatu ni kondoo 10, tofali 9, madini 6. Ya katikati inapakana na zote mbili za pembeni. Ukiikalia, umechukua nukta 12 na papo hapo umezifunga 12 nyingine mbili. Ukichukua ya pembeni, ile ya pembeni ya upande wa pili inabaki wazi kwa jirani yako. Anayeanza wa kwanza kwenye ubao huu achukue ya katikati bila kusita, kwa sababu atasubiri watu wengine waweke vijiji sita kabla ya kurudi kwake.

Tuseme wenzake wamejigawia sita hivyo: wawili wamezigawana kona za nukta 11, mmoja amechukua ngano 6 pamoja na tofali 4 na mbao 3, na vijiji vitatu vilivyobaki vimekimbilia tofali la 9 na la 11. Zamu ya mwisho imerudi kwa mchezaji wa kwanza, na mbele yake kuna kona mbili:

Ya kwanza ni mbao 4, kondoo 8, kondoo 11. Nukta 10.
Ya pili ni kondoo 2, mbao 9, tofali 4. Nukta 8.

Akifuata nukta tu, atachukua ile ya kwanza na jumla yake itakuwa 22. Sasa iangalie kwa karibu. Kondoo wake watakuwa na nukta 10 kati ya hizo 22, na tofali sifuri. Ujenzi wake hautahitaji kondoo zaidi ya nukta tatu au nne hivi. Nyingine saba ni za kupeleka benki, na kwa nne kwa moja zinageuka kuwa chini ya nukta mbili. Nukta zenye kazi zinabaki kama 17. Kona ya pili inampa jumla ya 20, ina rasilimali zote tano, na kondoo wake ni nukta nne, hakuna wa kutupa. Kona yenye nukta chache imeshinda kwa tatu.

Mkononi pia kuna tofauti. Kijiji cha pili ndicho kinachokupa kadi za kuanzia, moja kwa kila kigae kinachokigusa. Kona ya pili inampa kondoo, mbao na tofali, yaani barabara ya kwanza ameshailipia. Ile nyingine inampa mbao moja na kondoo wawili, ambao hawajengi chochote.

Tusiipambe, hata hivyo. Tofali lake liko kwenye 4, linalotoka kwa wastani mara moja kila mirusho 12, na tayari ana jirani kwenye kigae hicho. Kijiji cha tatu kinamdai tofali moja, mbao moja na ngano moja juu ya alichonacho, na bila kubadilishana na mtu hilo litachukua wastani wa mirusho kama 18. Kwa hiyo anapaswa kutoa madini mapema apate tofali, asiyalimbikize.

Nikikosa rasilimali moja, ipi naweza kuvumilia?

Angalia bei. Barabara ni mbao na tofali. Kijiji ni mbao, tofali, kondoo na ngano. Mji ni madini matatu na ngano mbili. Kadi ya maendeleo ni madini, kondoo na ngano. Ngano imo kila mahali isipokuwa barabarani, ndiyo maana kuanza bila ngano ni kosa gumu kulirekebisha. Tungekubali kuanza bila rasilimali nyingine yoyote kabla ya hiyo.

Kondoo ndiye anayevumilika kuliko wote: mmoja kwa kijiji, mmoja kwa kadi, na meza nyingi huwa na mtu aliyejaa kondoo. Madini yanasubirika, maana hayahitajiki mpaka mji wa kwanza, lakini mtu asiye na madini lazima afanye haraka kutafuta nafasi, kwa kuwa vijiji vitano vina pointi tano tu. Tofali na mbao vinatembea pamoja. Kuwa na mbao nukta tisa na tofali sifuri ni sawa na kutokuwa na mbao.

Kuna mpango mmoja unaoruhusu kuacha tofali na mbao kwa makusudi: madini, ngano na kondoo zenye nukta nyingi, ujenge miji juu ya vijiji vile vile viwili na kununua kadi za maendeleo. Kadi hizo ni 25, na 14 kati yake ni askari, wanaomwondoa mnyang'anyi, kwa hiyo tuzo ya jeshi kubwa yenye pointi mbili inakujia njiani. Mpango huu unahitaji madini yasiyopungua nukta 6 au 7 na ngano za kiasi hicho hicho. Kwa nukta tatu za madini, madini matatu ya mji mmoja yatachukua mirusho 36, na wenzako watakuwa wameshajenga ubao mzima.

Kuna ubaya gani vijiji vyote viwili vikigusa namba zile zile?

Wastani haubadiliki, kinachobadilika ni mwendo wa kadi. Linganisha watu wawili. Mmoja ana nukta 26, lakini vijiji vyake vyote vinagusa 6, 5 na 9. Mwingine ni yule wa mfano wetu, nukta 20 kwenye 2, 4, 5, 6, 9 na 10. Wa kwanza anapokea kitu kwa njia 13 kati ya 36, wa pili kwa njia 20. Katika raundi moja ya watu wanne, wa kwanza atakaa mikono mitupu kabisa kwa uwezekano wa kama asilimia 17. Kwa wa pili ni asilimia 4.

Kadi zinazokuja kwa mafungu zina hasara nyingine. Ukiwa na zaidi ya kadi 7 wakati 7 inatoka, unatupa nusu. Mwenye namba zinazojirudia hupitia kipindi cha ukame, kisha anajazwa ghafla, na hapo ndipo 7 inapomkuta.

Namba kujirudia mara moja si tatizo, hasa kama ni 6 au 8 yenye rasilimali mbili zinazotumika pamoja. Tofali kwenye 8 hii na mbao kwenye 8 nyingine ni barabara kila inapotoka, na hilo ni jambo zuri. Usikubali tu mbili au tatu zijirudie.

Bandari ina thamani gani mwanzoni?

Ndogo kuliko inavyodhaniwa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Ubao una bandari 9: nne za tatu kwa moja, na tano za mbili kwa moja, moja kwa kila rasilimali. Kona ya bandari ni ya pwani, kwa hiyo inakosa kigae cha tatu, pengine na cha pili. Kigae cha kawaida kina wastani wa nukta 3 na kidogo. Hicho ndicho unacholipa.

Unachopata ni hiki. Kama una nukta 8 za ziada za rasilimali moja, benki inazigeuza kuwa 2. Bandari ya tatu kwa moja inazigeuza kuwa 2.7. Umelipa nukta tatu upate chini ya moja. Bandari ya mbili kwa moja inazigeuza kuwa 4, faida ya nukta 2, nayo bado haijafikia kilicholipwa. Ili bandari ya mbili kwa moja ijilipie kwa hesabu hii peke yake, unahitaji karibu nukta 12 za ziada za rasilimali hiyo hiyo, na hizo huwezi kuzipata mwanzoni isipokuwa ubao umekaa kwa namna ya pekee.

Basi lini uikalie? Kona ya pwani inapogusa vigae viwili vizuri, kwa mfano 8 na 5 kwa nukta 9, hujapoteza kitu kikubwa na bandari imekuja kama nyongeza. Au pale kijiji chako cha kwanza kinapokaa kwenye 6 au 8 ya rasilimali fulani, na bandari ya rasilimali hiyo hiyo iko kwenye kona inayogusa kigae kingine cha aina hiyo.

Katika hali nyingi, njia bora ni kuiweka bandari kama kijiji cha tatu: kijiji cha pili unakiweka ndani, hatua mbili kutoka bandarini, na barabara yako ya kwanza unaielekeza huko.

Nina kondoo wengi na bandari ya kondoo iko karibu. Si hapo mpango umekamilika?

Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa hiyo turudi kwenye ule ubao. Yule mchezaji angechukua kona ya mbao 4, kondoo 8 na kondoo 11, na tuseme bandari ya kondoo iko upande wa bahari wa kile kigae cha 8, barabara mbili kutoka kijijini. Barabara ya kwanza anayo bure. Anahitaji barabara moja zaidi na kijiji: tofali mbili, mbao mbili, kondoo mmoja, ngano moja.

Hana tofali. Kila tofali ni kondoo wanne benki, kwa hiyo ni kondoo wanane, na wa tisa wa kujengea. Anaanza na wawili. Saba waliobaki, kwa nukta 10, wanahitaji wastani wa mirusho 25, zaidi ya raundi sita, na hapo hatujamhesabia mnyang'anyi kukalia kile kigae cha 8, jambo ambalo litafanyika mara tu meza ikiona anachokusudia. Huenda pia mtu mwingine akafika bandarini kabla yake.

Kanuni yake ni fupi: kabla ya kutegemea bandari usiyoikalia, hakikisha unazalisha tofali na mbao za kukufikisha. Bandari inayolengwa kwa rasilimali zile zile ambazo ndiyo ingekupatia haifikiki kwa wakati.

Mimi ni wa kwanza, au wa nne. Je, nichague tofauti?

Ndiyo. Mpangilio unakwenda 1, 2, 3, 4, kisha unarudi 4, 3, 2, 1.

Wa nne anaweka vijiji viwili mfululizo, kwa hiyo asitafute kona bora bali jozi bora. Aandike kichwani jozi tatu au nne, ahesabu nukta zenye kazi za kila jozi, ndipo aweke. Kosa lake la kawaida ni kuchukua kona iliyobaki yenye nukta nyingi, kisha kutafuta ya pili itakayoiziba pengo, wakati jozi ya kona mbili za wastani ingemfaa zaidi.

Wa kwanza anachukua bora kwenye ubao lakini hataiona ya pili kwa muda mrefu. Achague kona ambayo inaweza kukamilishwa kwa njia zaidi ya moja. Ile kona yetu ya ngano, madini na kondoo inahitaji mbao na tofali; kwenye ubao kulikuwa na zaidi ya mahali pamoja pa kuvipata, na moja ilikuwa ya nukta 8 ambayo haikumvutia mtu. Hizo kona za nukta 8 au 9 zenye mchanganyiko mzuri ndizo zinazobaki mpaka mwisho, kwa hiyo wa kwanza azitafute mapema kuliko kuziombea zile za 11.

Wa pili na wa tatu wana kazi ya kutazama. Kabla ya kuweka cha pili, waangalie waliobaki nyuma yao wanakosa nini. Ukiwa wa pili, aliyebaki ni wa kwanza peke yake. Kama hana tofali na kona mbili unazoziwaza ni sawa kwako, chukua yenye tofali.

Barabara za mwanzo nizielekeze wapi?

Ielekeze kwenye kona utakayoijenga, siyo kwenye kona nzuri tu. Baada ya vijiji vinane kuwekwa, tafuta kona iliyo hatua mbili kutoka kwako ambayo bado ni halali, kisha uliza nani mwingine anaweza kuifikia kwa barabara zile zile au pungufu. Jirani mwenye tofali nyingi atakutangulia, hivyo kona hiyo ihesabu kama si yako.

Barabara ya kijiji cha kwanza inawekwa kabla wengine hawajamaliza, na kuielekeza katikati ya ubao ni hatari: kona ya mbele yake huenda ikazibwa na kijiji kinachofuata, na barabara ikabaki inaelekea ukutani. Ukiwa wa kwanza au wa pili, upande wa pwani ni salama zaidi, kwa sababu wengine bado wanazigombea kona za ndani, na bandari ziko huko huko.

Nilikuwa na nukta nyingi kuliko wote na bado nikashindwa. Kosa liko wapi?

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwa mpangilio huu. Kwanza, idadi ya kadi ulizopeleka benki kwa nne kwa moja. Kama ni zaidi ya mara tatu kabla ya kijiji cha tatu, mchanganyiko wako ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Pili, mnyang'anyi. Kona ya nukta 12 yenye 6 inayoguswa na watu watatu hailengwi sana, kwa sababu anayemweka mnyang'anyi pale anawaumiza wengi na pengine na yeye mwenyewe. Lakini 6 unayoikalia peke yako ndiyo kituo chake cha kudumu. Ukiwa na kigae kimoja kinachobeba zaidi ya theluthi moja ya nukta zako na huna mwenzako pale, tegemea kukipoteza kwa raundi kadhaa, na uwe na askari. Tatu, nafasi ya kupanuka. Wapo wanaopata kadi za kutosha ila hawana kona ya kujenga. Mbao na tofali zinarundikana mkononi, na 7 inazichukua.

Kama yote matatu yako sawa, basi ni dadu.

Nimekaa kwenye 6 na haijatoka raundi mbili nzima. Dadu lina kasoro?

Hapana, hilo ni la kawaida kabisa. Uwezekano wa 6 kutotoka katika mirusho 8 ni kama asilimia 30. Katika mirusho 10 bado ni kama asilimia 22. Na 12, yenye nukta moja, ina nafasi ya asilimia 36 ya kutotoka hata mara moja katika mirusho 36.

Namba iliyochelewa haina deni. Mrusho unaofuata una njia tano za kutoa 6, kama uliopita. Ndiyo maana usishikilie kadi mkononi ukingoja namba yako "iamke". Ukifikisha kadi 8 na unaweza kujenga barabara au kununua kadi ya maendeleo, fanya hivyo kabla ya kumpa jirani dadu.